Weris na Boma la Mbuzi Waliochoka

Kiwanda cha nyama kilipoanza kujengwa nje ya Habaswein, ukingoni mwa barabara ya Wajir, mji mzima ulishikwa na wazimu. Kila mwenye bati mbili alijenga chumba cha kupangisha. Aliyeuza nguo aliziweka kando akafungua hoteli ya pilau. Wengine walileta majokofu kutoka Garissa, soda zikapangwa humo kama mahari. Ukiwauliza mnawajengea nani, wanakutazama kwa huruma: wafanyakazi wanakuja, wewe hujasikia?

Wafanyakazi wakaja kweli. Wahandisi walilala ndani ya ua wa kiwanda, kwenye vyumba vya makontena, na walipikiwa na wapishi waliokuja nao. Vibarua walikuwa vijana wa hapohapo, na kijana wa Habaswein saa ya kula anakwenda kwa mama yake. Pilau zikalala. Majokofu yakanguruma bure mpaka wenyewe wakayazima.

Weris hakuwa na jokofu wala bati la ziada. Alikuwa mjane aliyeuza maziwa ya ngamia kando ya barabara, mwanamke mrefu mwenye ulimi mkali. Watu walimheshimu kuliko walivyompenda. Asubuhi zote alikaa na mitungi yake kwenye kibanda cha chai cha Kaltuma, Mborana wa Wajir aliyekuwa rafiki yake wa pekee, na kutoka pale aliliona geti la kiwanda kama unavyoona uso wa mtu unayeongea naye. Wenzake walitazama watu wanaoingia. Weris, aliyelelewa nyuma ya mifugo, alitazama mbuzi.

Na mbuzi walikuwa na habari yao. Sokoni, tangu enzi za mababu, mnyama huuzwa kwa jicho. Unamshika kiuno, unamtazama meno, dalali anaweka neno, mnamaliza. Kiwanda hakikutaka macho ya mtu. Kililipa kwa uzito wa nyama, baada ya mnyama kuchinjwa, kuchunwa na kutundikwa. Wafugaji walikubali bila kuelewa. Waliswaga mifugo yao siku nyingi juani, maji kwa nadra, wakafika getini na mbuzi waliokauka ndimi, na jioni wakalipwa kilo walizoziona kuwa ni matusi. Walioaibika zaidi ni wale ambao mbuzi wao hawakuchinjwa hata kidogo. Daktari wa mifugo wa kiwanda aliwatenga wanaochechemea, wenye homa na waliolala wasiweze kuinuka, akawarudisha. Mfugaji aliyetembea kutoka mpakani anarudishiwa mnyama ambaye hawezi kutembea hatua nyingine. Hapo ndipo wachuuzi wajanja walipomkaribia na kumnunua kwa bei ya paka.

Siku moja Mborana mmoja wa upande wa Wajir, jina lake Elema, aliketi kwenye kibanda cha Kaltuma akilia bila kuficha. Kundi lake karibu lote lilikuwa limekataliwa.

"Mbuzi yangu si mgonjwa, mama," alimwambia Weris. "Imechoka tu. Hata mimi nimechoka, mbona mimi sikukataliwa?"

Weris alikwenda akawatazama mbuzi wale waliolala kivulini mwa ukuta. Akawabana ngozi ya shingo, ikabaki imesimama. Kiu. "Hii haina ugonjwa," akasema. "Usiuze. Nipe mimi nikae nayo."

Aliwasogeza polepole hadi kwenye uwanja uliokuwa nyuma ya nyumba yake, ardhi ya ukoo wa marehemu mumewe Deeq, umbali wa kutupa jiwe kutoka getini. Aliwapa maji kidogo kidogo, kwa sababu mnyama aliyekauka ukimwacha anywe atakavyo unamuua kwa wema. Baadaye akawapa majani makavu yaliyokatwa ukingoni mwa kinamasi cha Lorian na kuletwa kwa mkokoteni wa punda. Akawaacha wacheue kivulini. Jioni ya mwisho aliwanyima majani, akawaachia maji tu, kwani tumbo lililojaa halimsaidii mchinjaji wala halihesabiwi kwenye mizani. Elema alipowarudisha getini, daktari yule yule aliwapitisha karibu wote bila kuwatambua, na uzito wao ulimfanya Elema acheke peke yake barabarani.

Biashara ilizaliwa hapo. Mji wote ulikuwa umejiuliza wafanyakazi watakula nini. Weris alijiuliza mbuzi watakula nini kabla hawajaliwa. Jibu lake lilikuwa wazi kiasi kwamba watu walikasirika kwa kutoliona. Mwenye macho haambiwi tazama, na wenye macho Habaswein walikuwa wengi, ila yote yalikuwa kwenye pilau.

Alizungusha uwanja kwa miiba, akajenga birika la saruji, akapatana na wenye kisima cha mashine wamvutie bomba. Aliuza ngamia aliyeachiwa na Deeq ili afanye hayo, na siku alipomuuza hakula. Kisha akasubiri wafugaji waje, walipie majani na maji kwa kila mbuzi.

Hawakuja. Walipita, wakatazama majani, wakameza mate kwa niaba ya mbuzi wao, wakauliza swali moja: "Boma la nani?"

"Langu," alijibu Weris.

"Ndiyo, mama. Lakini la nani?"

Huko kwao swali hilo lina maana. Mfugaji anayelaza mali yake kwenye ardhi ya ukoo wa watu wengine anataka kujua, mbuzi akipotea au akiibwa, ni mwanamume gani ataitwa na wazee, na ni ukoo gani utalipa. Jina la mjane halilipi kitu. Si kwamba walimdharau Weris. Hawakuwa na mahali pa kumshitaki.

Kwa hiyo alikwenda kwa Gelle.

Gelle alikuwa kaka mkubwa wa Deeq, mtu mpole wa sauti, mwenye ndevu zilizotiwa hina na mke mmoja mkubwa mjini. Deeq alipokufa, Gelle alitaka kumrithi mjane kwa desturi ile Wasomali wanayoiita dumaal, na Weris alimkataa. Angekataa kwa adabu, kwa kutuma mtu, isingekuwa neno. Alimkatalia mbele za watu, kisimani, akisema hajamaliza kumzika mume mmoja hajaona sababu ya kuanza kumlisha mwingine. Wanawake walicheka. Gelle naye alicheka, na watu wakamsifu kwa moyo wake mkubwa.

Safari hii alimpokea kwa chai. Alisikiliza yote hadi mwisho. "Shemeji, hilo ni jambo dogo," alisema. "Watoto wa Deeq ni watoto wangu. Nitakuwa mdhamini, na sitaki kitu."

"Chochote hutaki?"

"Wallahi, sitaki. Nitaweka chapa yetu ya mifugo kwenye nguzo ya geti ili watu wajue. Basi."

Kaltuma alipoambiwa aliweka birika chini. "Abaayo, dada yangu, mwambie aseme kwa mdomo tu. Amwambie kila mtu, atangaze msikitini. Lakini chapa asiweke. Chapa ni ya mwenye mali."

"Hiyo ni nguzo, Kaltuma. Si ngamia."

"Kwa watu wenu kuna tofauti gani?"

Weris alijua sheria ile kuliko alivyojua sura yake. Angeweza kusimama gizani akapapasa paja la ngamia na kukutajia ukoo wake. Lakini wafugaji walikuwa wanapita, msimu haukumngoja mtu, na majani aliyonunua yalikuwa yanageuka vumbi. Haraka ilimpofusha mtu ambaye kuona ndiko kulikokuwa mali yake. Gelle alikuja Ijumaa na wazee, wakachinja kondoo dume, chuma kikawekwa motoni, na chapa ya ukoo ikazama kwenye nguzo mpaka moshi ukatoka. Watu walikula nyama wakasema mashallah. Weris mwenyewe ndiye aliyewapikia.

Kuanzia juma lililofuata boma lilijaa. Wafugaji walitoka Wajir, walitoka hata upande wa Mandera, wakasoma nguzo kwa jicho moja, wakaingiza mifugo. Weris aliamka kabla ya adhana. Alitenga makundi yasichanganyike, alimjua mbuzi mwenye kwato mbovu kabla hajachechemea, aligombana na wauza majani kwa lugha tatu. Alikuwa na furaha, na furaha haikumfaa kwa sababu hakuizoea. Ilimfanya aongee sana. Gelle alipita mara kwa mara, akasimama getini na bakora yake, akasalimiana na watu. Hakuomba hata kikombe cha maziwa.

Salah, afisa wa ununuzi wa kiwanda, aliona tofauti kwenye vitabu vyake. Alikuwa kijana wa Galbet, Garissa, msomi mwenye tabasamu, na alimpenda Weris kwa dhati. Mifugo iliyopumzika kwa Weris ilitoa nyama nzito, isiyo nyeusi kama ya mnyama aliyechinjwa akiwa amechoka, na iliyokataliwa ilikuwa michache. Alikuja kumwambia mwenyewe.

"Eeddo, shangazi yangu, kiwanda kimeamua. Hakuna mnyama aliyetembea atakayepimwa bila kupumzishwa kwanza kwenye boma tunalolitambua. Na tutatambua hili. Mkataba wa miaka."

Weris alifunika uso kwa shela asionekane akitabasamu.

"Sasa nahitaji mwenye boma aje ofisini."

"Si huyu hapa?"

Salah alitazama nguzo. Kisha akatazama viatu vyake. "Niliwauliza wazee, eeddo. Ni utaratibu, ardhi ni ya jamii, lazima niulize. Wote wamesema ni la Gelle. Wamesema walikula kondoo wake hapa."

"Wewe umeniona mimi hapa kila siku!"

"Nimekuona. Lakini kampuni inataka mtu ambaye ukoo hautamkana kesho." Alisema hivyo kwa huzuni ya kweli, kisha akaenda kwa Gelle na karatasi. Huzuni ya Salah ilikuwa ya aina hiyo, haikumchelewesha popote.

Wazee waliketi kwenye baraza ya msikiti. Weris alisimama akasema yote: ngamia aliyemuuza, birika, bomba, miiba iliyomchana mikono. Hakuna aliyembishia neno hata moja. Hilo ndilo lililomtisha. Walitikisa vichwa, wakakubali kwamba kazi ni yake, majani ni yake, akili ni yake.

"Na chapa?" aliuliza mzee mmoja.

Gelle ndiye aliyejibu, kwa ile sauti ya upole. Alisema yeye si mtu wa kumnyang'anya mjane. Boma ni la nyumba yake, na kila aliye wa nyumba yake ana nafasi bomani. Shemeji aliwahi kukataa kuwa wa nyumba yake. Mlango haujafungwa. Wazee walipumua, suluhisho lilikuwa la heshima na lenye harufu ya dini. Imamu alikohoa akakumbusha kwamba mjane halazimishwi, ndoa ya nguvu si ndoa. "Hakuna anayemlazimisha," alisema Gelle. "Afikiri."

Alifikiri. Kaltuma alimwambia achukue mitungi yake arudi kando ya barabara, boma liende na laana. Elema alimtumia salamu kwamba upande wa Wajir akinamama wa kwao wangempa mahali pa kuanzia upya, japo kiwanda kiko mbali. Weris alisikia yote. Lakini kila asubuhi alisikia pia mbuzi wa watu wakilia kiu na vijana wa Gelle, walioshika boma tangu mkataba utiwe sahihi, wakiwanywesha kupita kiasi, na hakuweza kuvumilia. Mtu mwingine angeiacha kazi ikafa akashangilia. Yeye aliipenda. Alituma jibu kwamba amekubali, na safari hii alituma mtu, kwa adabu.

Ndoa ilifungwa kimya kimya. Usiku ule, akidhani sasa boma ni lao wote wawili, alifanya kosa la pili, tena kwa moyo safi. Alimwambia Gelle jinsi mambo yatakavyokwenda. Sasa kupumzisha ni sharti la kiwanda, majani yatapanda bei na Lorian haitatosha. Anayetaka kula kesho apatane mapema na wakulima wa mto Tana kule Garissa, anunue mabua ya mahindi na majani ya kulimwa, ayaweke ghalani kabla wengine hawajaamka. Aliongea kama msichana. Gelle alimsikiliza mpaka mwisho.

Asubuhi alijifunga shela akaelekea bomani. Gelle alikuwa amesimama chini ya nguzo, na pembeni yake shemeji yake, ndugu wa mke mkubwa, ameshika funguo.

"Unakwenda wapi?"

"Kazini."

"Ulipokuwa mjane ulisimama kati ya wanaume, hukuwa na wa kukusitiri," alisema Gelle, na sauti haikupanda hata kidogo. "Mke wangu hasimami getini."

"Ulisema kila wa nyumba yako ana nafasi bomani."

"Unayo. Utakula kutokana nalo."

Alidai talaka pale pale. Gelle alimjibu kwamba talaka ataipata siku atakayoitaka, na boma litabaki lilipo. Watoto wa Deeq pia watabaki, maana ni damu ya ukoo. Wafugaji waliokuwa karibu walijifanya wanakagua kwato. Mwanamke mmoja aliyekuwa kisimani siku ile ya zamani alicheka, si kwa sauti, lakini Weris alimsikia. Akageuka akarudi nyumbani, na njiani watu walimpa pongezi za ndoa.

Zikaja lori za majani kutoka Garissa. Gelle alikuwa amemtuma mtu kwa wakulima siku ya pili tu. Ghala likajaa, waliochelewa wakanunua kwake, na mjini ikasemwa kwamba Gelle ana jicho, Gelle huona mambo kabla hayajafika. Kikulacho ki nguoni mwako, ila huyu alikuwa ameivaa nguo yenyewe.

Watu walidhani Gelle atampeleka Weris mbali, amsahau. Hakumsahau. Kila Ijumaa baada ya swala alikuja kwenye nyumba yake, akaketi juu ya mkeka, akanywa chai ya maziwa yenye iliki, akauliza habari za watoto. Kisha aliuliza lile lililomleta.

"Haya. Umeona nini tena?"

Mara ya kwanza Weris alimwambia hajaona kitu. Alimtazama machoni aliposema, na alikuwa mwongo mbaya. Kutoka dirishani mwake ilionekana ile chungu ya samadi nyuma ya boma, imepanda hadi kifuani mwa mtu, vijana wakiichoma kwa sababu imewasumbua. Na barabarani zilipita lori zilizoleta majani, zikirudi Garissa tupu, turubai zikipigapiga upepo. Chini kule mtoni kulikuwa na migomba na mashamba ya nyanya kwenye udongo uliochoka. Alikuwa ameliona jambo lile siku nyingi. Alikuwa amelificha kifuani, akilibembeleza, kitu pekee kilichobaki chake.

Gelle aliweka kikombe chini. "Kama mji haukuonyeshi kitu, labda umekuchosha. Kuna ngamia wangu kule kusini ya Lorian wanahitaji mtu mzima. Watoto watabaki hapa, wana shule."

Alisema hivyo akiwa anatafuta kofia yake, kama mtu anayetaja mvua.

Weris aliwatazama wanawe waliokuwa mlangoni wakigombania kiatu. Alimchukia mume wake, akamchukia Deeq kwa kufa, akajichukia yeye mwenyewe kwa macho yasiyojua kufumba.

"Samadi," alisema.

"Samadi?"

"Waache kuichoma. Lori zinarudi tupu. Wakulima wa Tana watainunua, na dereva atabeba kwa bei ya chini, maana anarudi huko hata bila mzigo." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na maelezo yalikuwa mazuri. Alipofika katikati, Mungu amsamehe, alianza hata kuchangamka, akamwonyesha kwa mikono jinsi ya kuikausha kwanza isilete joto ndani ya magunia.

Gelle alisikiliza mpaka mwisho. Akatikisa kichwa kwa heshima ya kweli, akaomba kikombe cha pili, na Weris akammiminia.

Ijumaa iliyofuata magunia yalikuwa tayari yamepakiwa, na Weris alichemsha chai mapema.